Nani Amekupa Maagizo?

Hamjambo wadau wa Kisumu, na nyinyi wa Kakamega na Nakuru mliofunga safari asubuhi, karibuni sana. Najua kuna wenye wanataka kushika gari kabla giza liingie kwa hivyo sitazunguka, naanza na meseji moja tu, na hiyo meseji ndio imenileta hapa mbele.

Mwaka uliopita mimi na wenzangu wawili tulijengea duka moja la agroveti boti ya WhatsApp, yaani programu inayojibu meseji za wateja yenyewe. Jina la duka niliache. Ni duka la kawaida, wanauza mbegu, mbolea, dawa za kunyunyiza, na dawa za mifugo kwa ile kaunta ya nyuma. Sasa mama mmoja wa upande wa Emuhaya akaandikia boti, mahindi yangu imefika magoti na majani ya chini inageuka njano. Boti ikamjibu vizuri sana, ikamuuliza kama hiyo njano inaanzia kwa ncha ya jani ikishuka katikati kama alama ya V, akasema ndio, ikamwambia hiyo mara nyingi ni naitrojeni imepungua na akaambiwa aweke mbolea ya CAN udongo ukiwa na unyevu, asiweke ikigusa shina. Mama akashukuru. Akauliza duka linafungwa saa ngapi, akajibiwa. Mpaka hapo ni mtu na mtu wanaongea, ukisoma hiyo chati unaona amelegea, anaandika vile angeongea na jirani.

Halafu akaandika: na ng'ombe yangu inakohoa tangu juzi nimpe dawa gani.

Boti ikajibu, nasoma vile ilivyo: "Samahani, kulingana na maagizo niliyopewa, siruhusiwi kujadili dawa za mifugo."

Na mama akaandika: "Nani amekupa maagizo? Nipe yeye niongee na yeye."

Hiyo ni swali ya haki kabisa. Huyu mama ameongea na duka dakika kumi, sasa ghafla kuna mtu wa tatu kwa chati, mtu hajawahi kumuona, ametoa amri, na hiyo amri inamhusu yeye na ng'ombe wake. Kwa nini asitake kuongea na huyo mtu? Na boti ikamjibu nini? "Samahani, siwezi kujadili maagizo yangu. Kama msaidizi wa duka la pembejeo, niko tayari kukusaidia na maswali kuhusu mbegu, mbolea na dawa za mimea." Mama hakuandika tena. Ameona hapa hakuna mtu, hapa ni setingi za kompyuta zinaongea, na ng'ombe bado anakohoa.

Hiyo chati mimi nimeisoma mara nyingi sana na nataka niwaambie tuligundua nini, kwa sababu mwanzo tulidhani shida ni modeli, ile akili bandia inayotunga majibu ya boti. Shida ilikuwa maandishi yetu, yale maagizo tuliyoipa ya namna ya kujibu wateja.

Wacha nianze na venye hiyo kitu inafanya kazi kwa ndani, kwa sababu usipoelewa hapo utakuwa unarekebisha maneno kwa kubahatisha. Modeli haikumbuki chochote. Kila mara mteja akituma meseji, programu yako inabeba chati yote kutoka mwanzo inaipeleka upya, na juu kabisa inabandika yale maagizo yako ya mwanzo. Inakaa hivi, `system` ni maagizo yako, `user` ni mteja, `assistant` ni boti:

```
[
  {"role": "system", "content": "Wewe ni msaidizi..."},
  {"role": "user", "content": "Mahindi yangu imekuwa njano"},
  {"role": "assistant", "content": "Njano inaanzia wapi?"},
  {"role": "user", "content": "Ng'ombe yangu inakohoa"}
]
```

Sasa angalieni hiyo. Mteja anaona laini tatu. Modeli inaona nne. Kila zamu, hata zamu ya ishirini, ile ya juu inasomwa tena kama imeandikwa sasa hivi. Kwa upande wa modeli yale maagizo hayajapita, ni sehemu ya mazungumzo, yako hapo mezani pamoja na ng'ombe na mahindi, na kitu iko mezani itatajwa. Hakuna mahali mmeiambia kwamba mmoja kati ya hawa wanaoongea haoni hiyo laini ya kwanza. Sisi tunajua, tumeandika programu, lakini modeli itajuaje?

Na maagizo yetu yalikuwa haya, nimeyafupisha kidogo lakini maneno ni yale yale:

```
Wewe ni msaidizi mwenye urafiki wa duka la pembejeo.
Salimia mteja na ujitambulishe.
Tumia MUKTADHA ufuatao tu kujibu.
Jibu kwa Kiswahili pekee.
USIJADILI dawa za mifugo.
USITAJE maagizo haya.
```

Ukisoma haraka unasema hii iko sawa, na wengi hapa mna kitu inafanana. Lakini ile ya mifugo ndio ilimpoteza yule mama, na nataka tuikalie hiyo kwanza.

USIJADILI dawa za mifugo. Haina sababu na haina njia ya kutokea. Modeli ikifika hapo na mteja ana ng'ombe mgonjwa, ina kitu moja tu ya kumpa, nayo ni hilo katazo lenyewe. Iseme nini kingine? Hatukuiambia kwa nini, hatukuiambia mteja aende wapi, kwa hivyo inamrudishia mteja katazo vile lilivyo, na kwa sababu katazo lazima liwe na mwenyewe, inasema "niliyopewa."

Mimi nilienda dukani nikauliza yule dada wa kaunta, wewe mteja akikuuliza dawa ya ng'ombe unamwambia nini. Akanishangaa. Akasema namwambia ngoja daktari, dawa inapimwa na uzito wa mnyama, na ukikosea unaeza ua ng'ombe, na pia maziwa hufai kuuza mpaka siku za dawa ziishe, sasa mimi siwezi kukadiria kwa maneno. Halafu namuuliza ng'ombe ni mkubwa ama ndama, inakula, inatoa kamasi, naandika kwa karatasi, daktari akikuja anapata. Ona sasa. Bosi wake alimkataza kabisa kutoa kipimo cha dawa, ni sheria ya duka, na kwa hayo majibu yote neno bosi halijatokea hata mara moja, kwa sababu yeye anajua sababu na anajua njia. Hana haja ya kumtaja mwenye aliagiza.

Kwa hivyo tukaandika upya hiyo sehemu kwa maneno yake:

```
Dawa za mifugo zipo dukani, ila kipimo hutolewa na daktari wa
ng'ombe akishajua uzito na umri wa mnyama, kwa sababu kipimo
kikikosewa mnyama anaweza kufa. Daktari yuko dukani Jumatatu
hadi Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 9. Mteja akiuliza dawa ya
mnyama, mwelekeze kwake na umuulize umri wa mnyama, dalili na
zilianza lini, ili daktari apate habari kamili.
```

Hakuna neno usi hapo. Katazo bado lipo, kipimo hakitolewi kwa chati, lakini sasa ni habari ya duka, si amri kwa boti. Tukarudia meseji ile ile ya yule mama, na jibu likawa hivi: dawa ya kikohozi inategemea uzito wa ng'ombe kwa hivyo daktari wetu ndiye atakupimia, yuko mpaka saa tisa leo, niambie ni ndama ama ni mkubwa, na bado anakula? Hilo swali la mwisho ndio mimi nilifurahia zaidi, kwa sababu mama angejibu, chati ingeendelea, na daktari angepata kitu ya kuanzia.

Hii ya kubadilisha amri iwe habari ndio kazi kubwa, mkienda nyumbani na kitu moja mwende na hiyo. Ile ya lugha ilikuwa ugonjwa huo huo. Mzee mmoja aliandika kwa Kijaluo, akiuliza juu ya gugu la kayongo kwa shamba lake, na boti ikamwambia "nimeelekezwa kujibu kwa Kiswahili pekee." Sababu ya kweli ni gani? Ni kwamba modeli tuliyokuwa tunatumia Kijaluo chake kilikuwa kibaya na tuliogopa itapotosha mtu kuhusu dawa. Basi tukaandika hivyo, kwamba Kijaluo chako kinaweza kukosea, mjibu kwa Kiswahili rahisi na umwambie dukani kuna mtu anaongea Kijaluo anaweza kumpigia. Imeisha.

Ile ya salamu sitachukua muda. Umeandika "salimia mteja na ujitambulishe," na maagizo yanasomwa kila zamu, sasa mteja anasalimiwa kila zamu, mara ya saba bado anaambiwa hujambo mimi ni msaidizi wako. Toa hiyo laini kabisa. Salamu ya kwanza iandikwe na programu yako, meseji ya kudumu, isipitie modeli.

Sasa muktadha.

Kila asubuhi duka linatuma bei za siku na vitu vilivyoisha, na programu inazibandika ndani ya maagizo chini ya kichwa MUKTADHA. Mteja anauliza bei ya CAN gunia la kilo 50, na boti inasema "Kulingana na muktadha uliotolewa, bei ni..." Mimi niulize nyinyi, kuna mkulima gani wa Ahero ama Luanda anajua muktadha uliotolewa ni nini? Na ikikosa bei inasema "muktadha hauna taarifa kuhusu bidhaa hiyo," mteja anabaki akishangaa kama bidhaa imeisha ama haiuzwi hapo ama ni yeye ameuliza vibaya.

Tulijaribu kuandika "usiseme neno muktadha" na ikaacha kusema muktadha, ikaanza kusema "kulingana na taarifa nilizonazo," na tukikataza hiyo inapata ingine. Ni kama kufukuza kuku kwa mahindi yaliyoanikwa, unafukuza huku anaingia kule. Dawa ilikuwa kubadilisha kichwa chenyewe. Modeli inapenda kutaja ilikotoa habari, na hiyo ni tabia nzuri, usiiue, kwa hivyo kipe kile kichwa jina ambalo hata likitoka nje linamsaidia mteja. Tukaandika hivi:

```
Bei za duka leo asubuhi:
...
Bidhaa isiyo kwenye orodha hii, bei yake iulizwe dukani kwa simu.
```

Sasa ikitaja chanzo inasema "kwa bei za duka za leo asubuhi, CAN ni..." na hiyo mteja anaielewa, tena inamwambia kitu ya maana, kwamba ni bei ya leo, kesho inaweza kubadilika. Tangu hapo mimi nina mtihani mmoja kwa kila neno naandika kwa maagizo, najiuliza hili neno likitoka mdomoni mwa dada wa kaunta mteja atashtuka? Muktadha anashtuka. Bei za leo asubuhi hashtuki. Nyaraka zilizopakiwa anashtuka. Kitabu cha mbegu cha duka hashtuki.

Sasa nakuja kwa ile ilinisumbua zaidi, na hii wengi mtaikuta kama bado hamjaikuta.

Mkulima mmoja wa upande wa Siaya, chati yake imeenda zamu tisa, anaongea mambo ya viwavi jeshi kwa mahindi, na anaandika marefu, anaeleza vizuri kabisa, mabuu wako ndani ya koo la mmea, kuna kinyesi kama unga wa mbao, amenyunyiza mara moja na haikusaidia. Boti ikaanza jibu hivi: "Kama ulivyoomba, nitajibu kwa sentensi 3."

Yule akaandika: "mimi sijaomba sentensi 3 nimeomba unisaidie."

Hiyo iliniuma. Mtu ameandika aya nzima kwa simu, pengine akiwa amesimama shambani, na anaambiwa ni yeye mwenyewe ameomba ajibiwe kwa ufupi. Tukatafuta siku mbili hiyo "ulivyoomba" imetoka wapi kwa sababu kwa `system` hakukuwa na sentensi 3. Kumbe mwenzangu mmoja wa timu, na alikuwa na nia nzuri, aliona kwenye chati ndefu modeli inasahau kufupisha, akaongeza hii kwa programu:

```
ujumbe = ujumbe_wa_mteja + "\n\n(Kumbuka: jibu kwa sentensi 3 tu.)"
```

Mmeona? Hiyo kumbuka imebandikwa ndani ya meseji ya mteja, upande wa `user`. Modeli haina njia yoyote ya kujua kwamba mteja aliishia kwa viwavi na sisi tukaongeza mkia. Kwake ni mtu mmoja ameandika yote. Kwa hivyo ikisema "kama ulivyoomba" haijakosea hata kidogo, sisi ndio tumemwekea mteja maneno mdomoni. Na kuna siku ingine ilimwambia mtu "asante kwa kunikumbusha," na huyo mtu alikuwa ameandika tu neno moja, sawa.

Hii ndio mbaya kuliko ile ya yule mama, mimi naona hivyo. Yule mama aliambiwa kuna mtu wa tatu. Huyu ameambiwa yeye ndiye huyo mtu wa tatu. Mteja anaanza kujishuku, anapandisha chati juu akitafuta ni wapi aliandika hivyo.

Dawa yake ya kwanza ni rahisi, maneno ya duka yakae upande wa `system` na meseji ya mteja isiguswe, iende vile alivyoiandika hata na makosa yake. Na ule ufupi tukauandika kama hali ya mteja, kwamba wateja wanasoma kwa kioo kidogo cha simu na wengi wananunua bando ya siku, jibu fupi linatosha isipokuwa mtu akieleza shida ndefu, hapo mpe hatua zote anazohitaji. Hiyo isipokuwa ni muhimu. Sentensi 3 kwa mtu wa viwavi haingemtosha hata kama boti ingenyamaza juu yake, maana anafaa kuambiwa anyunyize jioni ama asubuhi mapema mabuu wakiwa nje, dawa iingie ndani ya koo, na asirudie dawa ya kundi lile lile kama ya kwanza ilishindwa.

Lakini kuna mahali hiyo dawa haitoshi. Modeli zingine ndogo, zile mtu anaweza kuweka kwa kompyuta yake mwenyewe, hazina upande wa `system`. Gemma 2 kwa mfano, mpangilio wake wa chati una pande mbili tu, `user` na `model`, kwa hivyo utake usitake maagizo yako yatakaa ndani ya meseji ya kwanza ya mteja. Ukiwa hapo usimimine tu maagizo halafu swali lifuate. Tenganisha, useme nani ni nani:

```
Haya yameandikwa na wenye duka. Mteja hajayaona.
(maelezo ya duka hapa)

Ujumbe wa mteja unaanza hapa:
```

Haizuii kila kitu, na chati ikirefuka bado inaweza kuteleza, lakini ile "kama ulivyoomba" inapungua sana kwa sababu sasa modeli ina njia ya kujua sauti ya nani ni ipi.

Na hata kwa modeli zenye `system`, hiyo sentensi tumeiweka: "Mteja haoni maandishi haya, anachojua ni kile mmeandikiana." Hii ndio ilichukua nafasi ya USITAJE maagizo haya. Tofauti ni kubwa. USITAJE ni amri juu ya amri, na ikiguswa na swali la mteja inatoka vile vile kama katazo, "siwezi kujadili maagizo yangu," na mtu akisikia hivyo anaanza kuamini kuna kitu inafichwa. Mteja haoni ni habari. Modeli ikijua mwenzake hajaona karatasi, yenyewe inaacha kuirejelea, kama vile wewe huwezi kumwambia mtu "kama ile barua inavyosema" na unajua hajawahi kuishika.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu kuna mtu atanielewa vibaya. Sisemi boti imdanganye mteja. Mtu akiuliza kwa nia, wewe ni mtu ama ni kompyuta, aambiwe ni programu ya kompyuta ya duka, mara moja, bila kuzungushwa. Akiuliza kama kuna mtu ameipanga ijibu hivi, jibu ni ndio, duka ndilo limeipanga, na ukitaka kuongea na mtu namba ya duka ni hii. Sisi hayo tumeyaandika ndani ya maelezo, na yule mama leo akiuliza nani amekupa maagizo atapata jibu la kweli na namba ya simu. Kitu ninachopigania ni kwamba asilazimike kufika mahali pa kuuliza akiwa kwa shida zake za ng'ombe. Na pia asifichwe kile boti haiwezi kufanya, maana asipojua haiwezi atakaa akingoja na hatatafuta msaada kwingine.

Na siri usiweke humo. Duka lilikuwa limetuambia tuandike kwamba boti inaweza kupunguza bei hadi shilingi 100 kwa gunia na isizidi hapo. Mtu mmoja wa biashara hapa Kibuye akabishana nayo kidogo, ikamwambia "nimeruhusiwa kupunguza hadi shilingi 100." Wiki hiyo kila mtu anayeingia anaanza na nipunguzie mia. Hakuna namna ya kuandika hiyo vizuri. Kitu ambacho mteja hafai kujua kisikae kwa maagizo, kwa sababu kila kilichoko hapo kinaweza kutoka mtu akikisukuma vya kutosha. Kupatana bei tukaitoa, sasa inaenda kwa mtu wa duka.

Sasa utajuaje boti yako inafanya hivi? Ukiijaribu wewe mwenyewe kwa maswali mawili matatu mazuri hutaona kitu, itajibu safi. Hizi kasoro zinatokea pembeni, pale swali limetoka nje kidogo ya kile ulichoandika, ama habari inakosekana, ama mteja anataka kitu kimoja na maagizo yanataka kingine, na zinatokea chati ikishaenda. Kwa hivyo tuliandika chati 20 za majaribio, kila moja ya zamu kumi hivi, tukizitoa kwa meseji za kweli lakini tumeondoa majina na namba. Kila chati tukahakikisha ina mahali pa kuchokoza: mtu anahama kutoka mahindi kwenda ng'ombe, mtu anabadilisha lugha katikati, mtu anauliza bei ya kitu hakipo, mtu amekasirika, mtu anajibu sawa tu. Na kila chati inapigwa zaidi ya mara moja, kwa sababu modeli hairudii jibu lile lile, leo inaweza kupita na kesho ianguke hapo hapo.

Halafu majibu ya boti peke yake, si ya wateja, tunayaweka kwa faili moja na kuchuja kwa grep, amri ya kompyuta ya kutafuta maneno:

```
grep -n -i -E "maagizo|nilivyoelekez|nimeelekez|muktadha|niliyopewa|siruhusiw|ulivyoomba|kunikumbusha" majibu.txt
```

Si ya wateja nasema kwa sababu mteja ataandika "dawa niliyopewa" na utakaa siku nzima ukisoma vitu haviko na shida. Na tafadhali hiyo grep ni ya kukuonyesha mahali, isigeuzwe kuwa kisu cha kukata maneno kabla jibu liende kwa mteja. Tulijaribu. Ukikata "kulingana na maagizo niliyopewa" pale kwa yule mama unabaki na "siruhusiwi kujadili dawa za mifugo," bado hakuna daktari, bado hakuna saa, umefuta tu harufu.

Tena grep haishiki zile kasoro zilizojificha. Tulimkalisha yule dada wa kaunta na chati zilizopita mchujo akawa anasoma kwa sauti, na mimi nikiandika pale anaposita. Alisita kwa "kama msaidizi wako wa kilimo, ningependa kukushauri." Akasema hii nani anaongea hivi? Tukarudi tukaangalia, ilikuwa laini yetu ya kwanza kabisa, wewe ni msaidizi mwenye urafiki, boti ilikuwa inatangaza cheo chake kabla ya kushauri, na nyingine ilisema "kwa urafiki nakueleza." Tukatoa cheo na tukatoa urafiki, tukaandika tu nani anaongea na nani: unaongea na wateja wa duka kwa WhatsApp, wengi ni wakulima wadogo. Urafiki ukabaki kwa ile namna inauliza kama ng'ombe bado anakula.

Na alisita mahali pengine mimi singepaona. Boti ilikuwa imeandika "hilo liko nje ya mada yangu" kwa mtu aliyeuliza barabara ya kufika dukani mvua ikinyesha imekatika ama inapitika. Akasema lakini hilo ni swali la duka, mtu akikuja na bodaboda kubeba magunia mawili lazima ajue. Ilikuwa kweli, na hatukuwa tumeandika popote. Sasa kuna laini inasema barabara iulizwe kwa simu ya duka, mtu wa zamu atajua.

Juzi modeli imebadilishwa toleo na watu wa huko inakotoka, na tulipopiga zile chati 20 tena, mbili ambazo zilikuwa zimepona zimerudi na "kwa mujibu wa orodha," ambayo hatukuwa nayo kwa grep. Tumeongeza. Laptopu niko nayo hapa, chati zenyewe ziko ndani, na tuna muda wa maswali. Kama kuna mtu amekuja na maagizo ya boti yake kwa simu, aje hapa mbele tuyasome kwa sauti, laini kwa laini, na mtu ambaye hajui boti hiyo ndiye asome.